Miezi mitatu inayotupokonya haki mbele ya Serikali

Mheshimiwa Mhariri,

Juma lililopita msomaji mmoja aliandika katika gazeti lako kwamba sheria za Mbelgiji zilizikwa tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wa Kongo. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya karani wa mahakama hapa Lubumbashi, na faili nilizozishika kila siku zinanikatalia kukubaliana naye. Sheria zile hazikuzikwa. Ziliachwa ziendelee kutumika, kwa makusudi na kwa maandishi, na jambo hilo bado linawagusa majirani zangu wa Katuba hadi leo.

Asome Sheria ya Msingi ya 19 Mei 1960, ile ambayo Bunge la Ubelgiji lilitutungia iwe katiba yetu ya kuanzia. Ibara ya 2 inasema kwamba sheria, dekrete na ordonansi zote zilizokuwapo siku ya uhuru zitaendelea kutumika mpaka zifutwe waziwazi. Sharti lingine halimo. Naielewa sababu yake: nchi haiwezi kulala na sheria na kuamka bila hata moja, kwa maana mikataba, vyeti vya ardhi na kodi vyote vingebaki hewani. Lakini mzigo ule ulipokewa mzima, pamoja na kanuni zilizotungwa kwa ajili ya watu waliotawaliwa tu, watu waliohitaji karatasi ya ruhusa ili kuhama eneo lao. Hakuna aliyelazimishwa na ibara ile kuuliza kama kanuni fulani inamfaa raia huru.

Siyo kila tulichorithi kilikuwa kibaya. Wakili anapomshitaki Serikali kwa sababu gari la ofisi fulani limemgonga mtoto, bado anafungua dekrete ya 30 Julai 1888, ibara ya 258: anayemdhuru mwingine kwa kosa lake hana budi kumlipa. Dekrete hiyo ni ya wakati wa Leopold II, kabla hata Ubelgiji haijaichukua Kongo mwaka 1908. Na Serikali kuhesabiwa kama mtu yeyote mwingine mbele ya kanuni ya namna hiyo, hilo lilikatwa Ubelgiji tarehe 5 Novemba 1920 katika kesi ya Flandria, ambapo mti mbovu wa mji wa Bruges uliangukia mali ya kampuni yenye jina hilo. Mahakama ilikataa hoja kwamba utawala haushitakiwi kwa makosa ya namna hiyo. Wanasheria wetu walisomea humo.

Fidia lakini si kila kitu. Mtu akilipwa, uamuzi uliomwumiza unaweza kubaki umesimama vilevile. Anachohitaji ni mahakama yenye nguvu ya kuubatilisha, na hapo ndipo katiba zetu zilipofanya kazi yake. Katiba ya 24 Juni 1967 iliipa Korti Kuu ya Kinshasa uwezo wa kubatilisha maamuzi ya viongozi wa serikali kuu. Mwaka 1982 vitengo vya mambo ya utawala viliwekwa katika mahakama za rufaa, na mtu wa Lubumbashi akapata pa kulalamikia viongozi wa hapa hapa bila kupanda ndege. Kisha Katiba ya 18 Februari 2006, katika ibara ya 154, ikaunda safu nzima ya mahakama za utawala, mbali na zile za kawaida, na juu yake Konsei Deta. Sheria ya 15 Oktoba 2016 ikaweka utaratibu wake.

Katiba hiyo ya 2006 ina ibara ya 221 ambayo ningeomba kila mwalimu wa shule aisome pamoja na ile ya 1960. Nayo inaacha sheria za zamani zitumike, ila kwa sharti: zisipingane na Katiba. Tofauti ni kubwa mno. Leo mtu akiadhibiwa kwa kanuni ya mkoloni, anaweza kusema mbele ya hakimu kwamba kanuni hiyo inakiuka Katiba, na ibara ya 162 inampa njia ya kulifikisha swali hilo Mahakama ya Katiba. Mwaka 1960 hoja hiyo haikuwa na mlango.

Sasa kwa nini watu hawashindi? Niliyoyaona mimi ni kwamba wengi hawafiki hata kusikilizwa. Tuseme mama mjane anapokea, tarehe 10 Machi, barua ya mkuu mmoja wa jimbo inayomwondolea haki ya parseli yake. Hawezi kwenda moja kwa moja mahakamani. Lazima kwanza amwandikie mkuu huyohuyo, amwombe afute au abadilishe uamuzi wake, na afanye hivyo ndani ya miezi mitatu, yaani kabla ya 10 Juni. Tuseme anaipeleka barua tarehe 2 Juni. Mkuu naye ana miezi mitatu ya kujibu. Akinyamaza mpaka 2 Septemba, sheria inauhesabu ukimya ule kuwa amekataa, na kuanzia hapo mama ana miezi mitatu mingine ya kufungua kesi. Akifika katikati ya Desemba, hakimu hatazami hata karatasi ya parseli. Anaandika kwamba kesi haipokelewi, basi.

Utaratibu huu wa kumwomba kwanza aliyekukosea umetoka katika desturi ya utawala ya Ulaya, na una faida yake, maana ofisi inaweza kujirekebisha bila kesi. Huku kwetu unaharibika kwa njia moja ninayoijua vizuri. Mama anafika ofisini, anaambiwa kwa upole, « Mama, rudi wiki ijayo, mkubwa anashughulikia ». Anarudi. Anaambiwa vilevile. Ahadi ya mdomo haisimamishi hesabu ya siku hata kidogo. Na barua yake ikipokelewa bila muhuri na tarehe kwenye nakala anayobaki nayo, hana ushahidi kwamba aliandika kwa wakati. Niliona faili nzuri, zenye haki tupu ndani yake, zikifungwa kwa sababu ya muhuri uliokosekana, na iliniuma kila mara.

Zaidi ya hayo, kufungua kesi peke yake hakuzuii uamuzi kutekelezwa. Nyumba inaweza kubomolewa mama akiwa bado anasubiri siku yake. Sheria ya 2016 imemweka hakimu wa dharura anayeweza kusimamisha utekelezaji kwa muda, lakini lazima aombwe, kwa maandishi yake ya pekee, na mawakili wengi bado wanakumbuka utaratibu wa 1982 tu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mhariri, ninaliomba Bunge la jimbo letu jambo ambalo halihitaji kubadili Katiba wala kujenga jengo. Litunge edikti inayolazimisha kila uamuzi wa utawala wa jimbo unaomnyima mtu kitu uandikwe chini yake, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mambo matatu: alalamike kwa nani, kabla ya tarehe gani, na akinyimwa jibu aende mahakama ipi. Na uamuzi usio na maneno hayo usiwe na uwezo wa kuanza kumhesabia siku mtu aliyeupokea.

Msomaji wako,
karani mstaafu, Katuba, Lubumbashi