Mwalimu aliye mbali na mwenzi wake asisubiri mbadala peke yake

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa Kemia na Biolojia katika shule ya sekondari Kaunti ya Turkana, na nimeomba tume inayotuajiri inihamishie Kakamega, aliko mume wangu. Yeye ni muuguzi aliyeajiriwa na kaunti, na tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, muuguzi wa aina hiyo hawezi kuhamia kaunti nyingine hadi kaunti hiyo nayo ikubali kumpokea na kumlipa. Mwajiri wangu, kwa upande mwingine, ana shule katika kaunti zote 47, hivyo ni rahisi zaidi mimi kuhama.

Nimeambatisha cheti cha ndoa na barua ya mwajiri wake, na mwalimu mkuu ameidhinisha ombi, ila kwa sharti la kupatikana kwa mbadala. Hapo ndipo linapokwama. Mbadala huyo sharti afundishe masomo yangu yote mawili, na Kakamega nako pawe na nafasi ya masomo hayo hayo; wa Kiswahili na Historia hanifai, hata akiwa tayari kuja kesho. Sisemi wanafunzi wangu waachwe bila mwalimu.

Naiomba tume, inapotangaza nafasi za ajira mpya, iilinganishe orodha hiyo na maombi ya walimu wanaotaka kuungana na wenzi wao, badala ya kutuachia sisi kazi ya kutafuta wa kubadilishana naye katika makundi ya WhatsApp.

Mwalimu,
Turkana