Kopo lenu la kalsiamu kabonati si kalsiamu kabonati tupu

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Vifaa na Kemikali za Maabara.

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOPO LA GRAMU 500 LILILOANDIKWA "KALSIAMU KABONATI, 99%"

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilipowapigia simu wiki iliyopita, kijana wenu wa mauzo alinijibu kwamba mizani ya shule yetu ndiyo mbovu. Kwa hiyo naandika, na hesabu naiweka hapa mezani.

Kidato cha nne walipewa gramu 10.00 za unga wenu waziyeyushe kwenye asidi ya haidrokloriki, wapime uzito uliopungua, yaani kaboni dioksidi iliyotoka. Gramu 100 za CaCO3 hutoa gramu 44 za gesi hiyo, kwa hiyo gramu 10 haziwezi kutoa zaidi ya 4.40. Makundi yote yalipita hapo. Niliwakata alama, nikidhani asidi imeruka nje ya chupa. Nimeshawaomba radhi.

Kilichonishtua ni mapovu. Unga ulitoa povu kwa kishindo, kisha likafifia, lakini halikuisha: likaendelea kidogokidogo mpaka nilipoipasha chupa moto kidogo. CaCO3 iliyosagwa laini haina tabia hiyo. Dolomiti ndiyo inayosuasua namna hiyo kwenye asidi baridi, nayo ni mwamba wenye kalsiamu kabonati na magnesiamu kabonati pamoja.

Nikarudia mwenyewe mara tatu. Asidi ilikuwa mililita 150 za moli 2 kwa lita, zaidi ya inayohitajika, na mdomo wa chupa niliuziba kwa pamba ili matone yasitoke. Nilipasha moto taratibu mpaka povu likakoma, nikaacha ipoe ndipo nikapima. Upungufu ulikuwa 4.63, 4.66 na 4.66, wastani gramu 4.65. Kuhusu mizani mnayoisema: gramu 10.00 za vipande vya marumaru kutoka kopo la zamani, kwa mizani hiyohiyo na utaratibu uleule, zilitoa 4.38. Kama kosa lingekuwa la mizani au la mvuke wa maji, marumaru nayo ingepita 4.40.

Sasa hesabu. Tuseme ndani ya gramu 10 mna gramu x za CaCO3 na gramu y za MgCO3. Gramu 84 za MgCO3 hutoa gramu 44 za gesi, yaani 0.524 kwa kila gramu, ilhali CaCO3 hutoa 0.440. Tunapata milinganyo miwili ya kutatua kwa pamoja:

```
x + y = 10.00
0.440x + 0.524y = 4.65
```

Kutoka wa kwanza, x = 10.00 − y. Ukiiweka kwenye wa pili unapata 4.40 + 0.084y = 4.65, hivyo y = 0.25 ÷ 0.084 = 2.98, na x = 7.02. Karibu asilimia 30 ya kopo lenu ni magnesiamu kabonati.

Najua mtashika wapi. Tofauti ya 0.440 na 0.524 ni ndogo, hivyo kosa dogo la kupima hukuzwa sana: mizani ikikosea gramu 0.03, y inahama kwa takribani gramu 0.36. Sidai kwamba ni 2.98 kamili. Nasema iko kati ya 2.6 na 3.3, wakati kwa lebo yenu uchafu wote haupaswi kuzidi gramu 0.1.

Mtaniuliza pia nimejuaje kuwa ni magnesiamu, maana sodiamu haidrojeni kabonati nayo ina uzito wa 84 na hutoa gramu 44 zilezile. Milinganyo haiwezi kuzitenganisha. Ni kweli. Ila hiyo huyeyuka kwenye maji. Nilikoroga gramu 10.00 za unga wenu ndani ya maji mengi, nikachuja, nikakausha: zikabaki 9.97. Mchanga nao haumo, kwa sababu kwenye asidi hapakubaki mashapo yoyote, na mchanga ungepunguza gesi badala ya kuiongeza.

Dhana yangu ni kwamba mtu alisaga mawe ya chokaa yenye dolomiti, akayafungasha kama kemikali ya maabara. Kwa shamba lenye asidi chokaa hiyo haina ubaya wowote, na bei yake ni ya shamba. Sisi tulilipa bei ya maabara.

Naomba mrejeshe fedha au mtuletee kopo lenye cheti cha uchambuzi cha toleo husika, na muwaarifu wateja wengine waliouziwa toleo hilo kabla ya mitihani ya vitendo. Gramu 430 zilizobaki nimezifungia kabatini, lakiri mpya juu yake. Mtu wenu aje na mizani yake tupime pamoja, asidi ninayo.

Wenu,
Mwalimu wa Kemia,
Morogoro.