Mashine kushindwa kusoma kidole si ushahidi kwamba mstaafu amefariki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowasumbua wastaafu wa mkoa wetu wa Tabora kila unapofika wakati wa uhakiki, nalo ni pensheni kusimamishwa kwa sababu mashine imeshindwa kusoma alama za vidole vya mzee. Nilifanya kazi ya kuandikisha watu kwa mashine hizo kwa miaka kadhaa, na baadhi ya makosa nitakayoyataja niliyafanya mimi mwenyewe kabla sijaielewa kazi.

Nianze na mzee mmoja wa Usoke, jirani wa ukoo wetu, ambaye nitaliacha jina lake. Alifanya kazi katika genge la reli kwa zaidi ya miaka 30, akiinua mataruma ya chuma na kushindilia kokoto chini yake, na tangu astaafu analima mahindi pamoja na tumbaku kidogo. Anayeijua tumbaku anajua utomvu wake unavyong'ang'ania viganjani, na kwamba wavunaji huutoa kwa kusugua mikono kwa mchanga au majivu. Kwa hiyo ngozi ya vidole vyake imesuguliwa kwa chuma, kwa mawe, kisha kwa mchanga, na umri umemalizia kilichobaki.

Alipoitwa kwenye uhakiki alipanda basi hadi mjini na kupanga foleni tangu asubuhi. Zamu yake ilifika saa saba mchana, na meza ilikuwa chini ya turubai lililoacha jua lipige moja kwa moja kwenye kioo cha mashine. Vidole gumba vyote viwili vilikataliwa, na vya shahada pia. Aliambiwa arudi siku nyingine. Mara ya pili afisa alimshika kidole na kukikandamiza kwa nguvu kwenye kioo, na majibu yakawa yaleyale. Baada ya hapo pensheni yake haikuingia benki kwa miezi minne, na alipouliza aliambiwa kwamba mfumo unamhesabu kuwa hajahakikiwa. Katika miezi hiyo aliuza mahindi aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya chakula ili anunue dawa zake za shinikizo la damu. Safari ya tatu alinipigia simu akasema, "Mwanangu, nisindikize, wewe unazijua hizo mashine." Nikaenda naye.

Ni vizuri wasomaji wakajua mashine inafanya nini. Ngozi ya ncha ya kidole ina matuta membamba na mifereji katikati yake. Mashine za kawaida hupiga picha ya matuta hayo kwa nukta 500 katika kila inchi, kisha programu hutafuta mahali ambapo tuta linakatika au linagawanyika panda mbili. Ramani ya sehemu hizo ndiyo inayohifadhiwa na kulinganishwa siku ya uhakiki. Kwa mtu mzima mwenye afya, ramani ya siku ya usajili na ya siku ya uhakiki hufanana vya kutosha. Kwa mzee, matuta yamekuwa mafupi kwa sababu ngozi imepoteza unene na mnyumbuko wake, na makunyanzi yanayoyakata matuta hufanya programu idhani tuta limekatika pale ambapo halijakatika. Zaidi ya hayo, ngozi ya mzee hutoa jasho na mafuta kidogo, hivyo haishiki vizuri kwenye kioo, na picha hutoka hafifu yenye mistari iliyokatikakatika kama chaki kwenye ubao wenye vumbi.

Hapo ndipo kukandamiza kidole kunapoharibu badala ya kusaidia. Matuta ambayo tayari ni mafupi hulazwa yakagusana, na mifereji iliyoyatenganisha hutoweka. Jua la mchana nalo huingia ndani ya kioo cha mashine zinazotumia mwanga, likaifuta picha hata ya kidole kizuri. Mikono iliyooshwa kwa sabuni ya mche muda mfupi kabla ya kusomwa hukauka zaidi, ingawa wazee wengi huosha kwa nia njema kabisa, kwa kuwa wameambiwa waje na mikono safi.

Safari ile ya tatu tuliomba kuwa wa kwanza asubuhi, meza ikiwa kivulini. Kioo kilifutwa kwa kitambaa laini. Mzee alipaka tone dogo la gliserini, akasubiri dakika chache, kisha akaifuta ibaki ile ya kulainisha ngozi tu, maana mafuta yakizidi hujaza mifereji. Aliweka kidole bila kusukumwa na mtu. Tulianza na vile ambavyo kazi haikuvigusa sana, kwa kuwa mtu anayetumia mkono wa kulia huchakaza zaidi gumba, shahada na kidole cha kati cha mkono huo. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilitoa picha nzuri, na namba ya ubora iliyoonekana kwenye skrini ilikuwa ya kuridhisha. Hata hivyo mfumo uliandika kwamba hakilingani na kilichosajiliwa.

Naomba afisa yeyote anayeshughulikia uhakiki azingatie tofauti hii, kwa sababu ndiyo inayoonyesha tatizo liko wapi. Ubora wa picha ukiwa mdogo, tatizo liko kwenye ngozi, kwenye kioo au kwenye mazingira ya meza, na linaweza kushughulikiwa pale pale. Ubora ukiwa mzuri lakini kidole hakilingani, yafaa kwanza kutilia shaka kumbukumbu yenyewe: labda usajili wa awali ulifanywa kidole kikiwa na nyufa, au vidole viliingizwa kwa mpangilio usio sahihi. Nilimwomba afisa, mbele ya msimamizi wake, alinganishe kidole kile cha kushoto na nafasi ya kidole cha pete cha kulia. Kikakubaliwa mara moja. Siku ya usajili mikono ilikuwa imebadilishana nafasi, kosa ambalo hutokea kwa urahisi pale mwandikishaji na anayeandikishwa wanapotazamana, kulia kwa mmoja kukiwa kushoto kwa mwingine. Msimamizi alisahihisha kumbukumbu, na mzee akalipwa malimbikizo yake.

Mzee huyu alipata wa kumsindikiza. Wengi hawana, na wapo ambao hakuna gliserini wala kivuli kitakachowasaidia, kwa sababu alama zao zimekwisha kabisa, au ukoma umewaachia vidole vifupi, au wamepooza na hawatoki kitandani. Kwa hao ombi langu ni kwamba kanuni ya uhakiki itamke wazi kuwa mashine kushindwa kusoma kidole si ushahidi wa kifo wala wa udanganyifu. Mstaafu aliyefika mwenyewe, mwenye kitambulisho cha Taifa na picha inayofanana naye, aendelee kulipwa kama kawaida kwa muda uliowekwa, mathalani miezi mitatu, na katika muda huo jukumu la kukamilisha uhakiki kwa njia nyingine liwe la mfuko. Apewe pia karatasi yenye tarehe, jina la kituo na sababu ya kushindikana. Mzee wa Usoke alikwenda mara mbili na hakuwa na hata kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba alifika.

Njia nyingine zipo. Nchini India, ambako usajili wa taifa huchukua vidole vyote kumi pamoja na mboni za macho yote mawili, wastaafu wanaruhusiwa tangu Novemba 2021 kuthibitisha kwamba wako hai kwa picha ya uso inayopigwa kwa simu janja. Picha ya uso inafaa sana kwa wazee wetu, ila nayo ina masharti yake. Uso wenye ngozi nyeusi ukipigwa picha na dirisha likiwa nyuma yake hutoka kama kivuli, hivyo mzee aketi akielekea kwenye mwanga. Programu inayomtaka mtu apepese macho au ageuze kichwa kwa haraka humshinda mwenye kiharusi. Mboni nazo husomeka vibaya kwa mwenye mtoto wa jicho aliyekomaa, na wenye tatizo hilo si wachache kati ya waliovuka miaka 70. Kwa sababu hiyo hakuna kipimo kimoja cha mwili kinachopaswa kuwa mlango pekee wa kupata pensheni.

Palipo na ugumu wa namna hiyo, afisa amtembelee mzee nyumbani akiwa pamoja na mtendaji wa kijiji, wote wawili watie saini, na picha yenye tarehe ibaki kwenye jalada. Wanaohofia udanganyifu wana hoja ya haki, kwani pensheni ya marehemu huweza kuendelea kuchukuliwa na ndugu. Hofu hiyo hupungua ikiwa kila uhakiki usiotumia kidole unaidhinishwa na afisa wa pili ambaye hakuwa mezani, na ikiwa baadhi ya majalada hayo yanachaguliwa bila mpango na kukaguliwa upya. Vifo navyo vitafutwe kwenye kumbukumbu za vifo zinazosajiliwa chini ya RITA. Familia nyingi za vijijini hazisajili vifo kwa wakati, na ndiyo maana saini ya mtendaji aliyeko karibu na nyumba ya mzee ina thamani.

Kuna njia moja ya mkato ambayo naiogopa kuliko zote, na niliwahi kuiona ikitumika. Mwandikishaji aliyechoka, akiona vidole vya bibi havisomeki, anamwambia mjukuu aliyemleta aweke kidole chake ili foleni iendelee. Kuanzia siku hiyo kumbukumbu inamtambua mjukuu kuwa ndiye mstaafu. Bibi akikosana na mjukuu, au mjukuu akihamia Dar es Salaam, bibi hana njia ya kuifikia fedha yake, na bibi akifariki, kidole kitaendelea kukubaliwa. Jambo hili lizuiwe kwa maandishi. Mwandikishaji naye apewe kwenye skrini mahali pa kuandika kwamba vidole havisomeki, ili asishawishike kujaza nafasi kwa kidole cha mtu mwingine.

Kabla ya uhakiki ujao, naomba mifuko inayohusika ifanye jambo ambalo halihitaji mashine mpya: kila mstaafu aliyefanikiwa kusomwa, kumbukumbu yake ionyeshe ni kidole gani kilichokubaliwa, ili mara nyingine afisa aanze na hicho. Naomba pia itangaze, kwa kila wilaya, ni wastaafu wangapi waliokataliwa na mashine kisha wakathibitika kuwa hai kwa njia nyingine. Mzee wa Usoke ataitwa tena, na ameshaniuliza kama nitakuwapo.

Wako,
Mwandikishaji wa zamani,
Tabora