Yah: Malalamiko kuhusu picha ya macheo iliyopigwa jioni

Ofisi ya Mauzo na Masoko,
Arusha.
18 Agosti 2025

Mkurugenzi,
Kampuni ya Upigaji Picha na Usanifu,
Arusha.

Ndugu Mkurugenzi,

Nimepokea faili za picha za kambi yetu pamoja na sampuli ya jalada la brosha. Nyingi ni nzuri, na zile za jikoni na za wahudumu tutazitumia kama zilivyo. Barua hii inahusu picha moja tu, ambayo ndiyo iliyotufanya tuwatafute: hema likiwa wazi alfajiri, kitanda na chandarua vikionekana kwa ndani, na mbele yake uwanda wa Magharibi mwa Kilimanjaro ukipokea jua. Mmetuletea picha ya jioni iliyobandikwa jua la kutengeneza. Siikubali, na naomba nieleze kwa kirefu kwa nini, maana msanifu wenu aliniambia kwa simu kwamba "hakuna mteja atakayegundua".

Aliyegundua kwanza ni kiongozi wa wapanda mlima kutoka Moshi aliyepita ofisini kuchukua orodha ya wageni. Sampuli ilikuwa mezani. Aliitazama kidogo akasema, "Dada, Kibo hakiwaki hivi asubuhi ukiwa upande wenu." Alikuwa sahihi, na mtu yeyote aliyewahi kulala upande ule angesema vilevile. Kambi yetu iko magharibi ya mlima. Jua likichomoza linakuwa nyuma ya Kibo au pembeni yake, kwa hiyo uso wa mlima unaotutazama sisi unabaki kivulini, wa buluu iliyokolea, na barafu yake haing'ai. Uso huo hupata mwanga wa rangi ya dhahabu wakati mmoja tu kwa siku, nao ni jioni, jua likiwa upande wa Longido likiumulika mlima kutoka nyuma ya hema. Katika picha yenu barafu inawaka kwa wekundu mzuri kabisa, na papo hapo jua jingine linachungulia begani mwa kilele. Hayo mawili hayakutani asubuhi yoyote ya mwaka.

Kama mlima haukutosha, tazameni nyasi mbele ya kibaraza. Kivuli cha hema lenyewe kimelala pale, kirefu, kikielekea mlimani. Kivuli hukimbia jua. Jua lingekuwa mbele kama mlivyolichora, vivuli vya nguzo za kibaraza na vya vile viti viwili vya turubai vingeingia ndani ya hema na kupita juu ya zulia hadi miguuni mwa kitanda, kuelekea kamera. Ndiyo sifa yenyewe ya kuamka katika hema linalotazama mashariki: mwanga wa kwanza huingia chini chini na kufika hadi kwenye mto wa kitanda. Ndani ya picha yenu sakafu haina kivuli hata kimoja kinachotoka nje, na chandarua kimemulikwa na flashi kutoka upande wa kulia.

Nilifungua taarifa za faili mliyoniletea kama ya asili. Zinasomeka hivi:

```
DateTimeOriginal: 2025:07:19 18:17:42
```

Mwezi Julai kule jua huchomoza karibu saa 12:40 asubuhi na kuzama karibu saa hiyohiyo jioni. Saa 12:17 jioni ni dakika kama ishirini kabla ya machweo, na ndicho hasa vivuli vinachosema. Msanifu wenu alijitetea kwamba saa ya kamera haikurekebishwa. Ningeweza kumwamini kama picha za chakula cha mchana zilizomo katika folda ileile zisingesomeka saa saba mchana, wakati ambao kweli chakula kiliandaliwa. Aidha, folda nzima haina picha hata moja iliyopigwa kabla ya saa mbili asubuhi. Askari wetu wa zamu ya usiku anasema hakuna aliyefungua zipu ya hema lile alfajiri.

Sasa kuhusu mahali mlipoliweka jua. Hapa ndipo mgeni angetudai. Kutoka kambini, Kibo kiko nyuzi zipatazo 14 kusini ya mashariki halisi. Katikati ya Julai jua huchomoza nyuzi zipatazo 21 kaskazini ya mashariki. Baina yao kuna nyuzi 35 hivi. Ukinyoosha mkono mbele na kukunja ngumi, ngumi moja ni karibu nyuzi kumi. Basi mwezi ule jua linatoka ngumi tatu na nusu kushoto kwa kilele, kwenye uwanda, mbali na mlima. Jua huja kuchomoza nyuma ya Kibo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Novemba na karibu na tarehe kumi Februari, na hata siku hizo wageni hulisubiri. Mlima unapanda zaidi ya mita 4,500 juu ya uwanda wetu, kwa hiyo jua huchelewa karibu nusu saa kuonekana, na likitokea tayari ni kali na jeupe. Lile jua la chungwa, la duara, lililokaa begani mwa Kibo kama yai kwenye kikaango, halipo mwezi wowote.

Wageni wetu wengi huja kati ya Juni na Septemba. Mtu anayelipia hema kwa sababu ya picha ile atafungua zipu, atatafuta jua lake mlimani, halitakuwepo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na jina litakaloandikwa kwenye malalamiko yake litakuwa letu, si lenu.

Sisemi kwamba picha isiguswe. Najua jicho huona ndani ya hema na nje kwa pamoja lakini kamera haiwezi: ukiifungulia ione kitanda, anga linakuwa jeupe tupu, ukiifunga ipate anga, kitanda kinapotelea gizani. Ndiyo maana mkataba wetu ulisema kamera iwekwe kwenye stendi kabla hakujapambazuka, isisogezwe, na zipigwe picha kadhaa mfululizo kwa viwango tofauti vya mwanga, kisha ziunganishwe. Kuunganisha picha za asubuhi ileile, kutoka pale pale, hakumdanganyi mtu. Kuleta jua la siku nyingine na kulipachika mahali lisipofika ni jambo jingine.

Mkataba ulitaja pia saa ya kuwepo, na haukuitaja kwa mapambo. Kwetu, karibu na ikweta, jua hupanda wima na mapambazuko ni mafupi. Tangu anga lianze kuwa na rangi ya kutosha hadi jua litokeze ni kama dakika ishirini, na jua lenyewe likishagusa upeo huchukua dakika mbili tu kujitokeza lote. Ndani ya muda huo mfupi kuna kipindi ambacho taa ya kando ya kitanda na anga la nje vinakaribiana nguvu, na hapo picha karibu inajipiga yenyewe. Tuliweka taa za mwanga wa njano zenye kupunguzwa kwa makusudi hayo. Zikipunguzwa vizuri, ndani hubaki na giza kidogo kuliko nje, na hilo kidogo ndilo linalomvuta mtu aingie. Ninyi mmezima taa na kujaza hema kwa flashi mpaka kila pembe imeng'aa sawa na duka la simu. Tena shuka, ambazo ni nyeupe, zimekuwa za kijani kibichi kilichopauka, kwa sababu mwanga wa jua la jioni umepenya turubai la kijani lililoko nyuma ya kitanda na hakuna aliyerekebisha. Shuka ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote: isipokuwa nyeupe, mgeni anaona uchafu, hana habari ya turubai.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hapakuwa na haja ya kubuni lolote. Kamera ikisogezwa mbele hadi miguuni mwa kitanda, lenzi pana ya milimita 24 huchukua nyuzi zaidi ya sabini. Jua la Julai likiwa kushoto na Kibo cha buluu kikiwa kulia vingeingia vyote katika picha moja, ya kweli. Na kama asubuhi ile mlima ulifunikwa na mawingu, jambo la kawaida, mngetuambia. Tungewapa hema kwa asubuhi nyingine.

Basi madai yetu ni haya. Picha irudiwe bila gharama kwetu, katikati ya Septemba, jua litakapokuwa limesogea hadi chini ya ngumi mbili kushoto kwa kilele, likitokea juu ya mteremko wa kaskazini. Mpigapicha alale kambini, awe kwenye hema saa 11:30 alfajiri, na faili ghafi zote za asubuhi hiyo tukabidhiwe kabla hazijaunganishwa. Tutamtengea asubuhi mbili mfululizo, kwa ajili ya mawingu. Nauli ya gari na chakula chake ni juu yetu.

Picha yenye jua la kubandika iondolewe kwenye kurasa zenu, mlikoitundika kama mfano wa kazi zenu huku jina la kambi likisomeka kwenye mto wa kitanda. Picha ya awali, ya jioni, kabla haijabandikwa chochote, tuleteeni safi mkishasahihisha rangi ya shuka. Ni picha nzuri, Kibo kimetoka vizuri mno, na tutaiweka ukurasa wa ndani ikiandikwa wazi kuwa ni ya jioni.

Mtambo wa uchapaji nimeusimamisha. Sehemu ya malipo iliyobaki itatolewa picha ya Septemba ikishakubaliwa. Msipokubali kuirudia, tunaomba mturudishie ile sehemu ya malipo ya awali inayohusu jalada, kwa mujibu wa mkataba, ili tumtafute mtu mwingine kabla jua halijahama.

Naomba majibu kwa maandishi kabla ya tarehe 29 Agosti, kwa sababu hema hilo linaanza kuuzwa kwa wageni wa Septemba wiki inayofuata na itabidi nilizuie mapema.

Wako katika kazi,

Meneja Masoko