Kwa nini maandishi ya kibao yanavurugika picha ikigeuzwa mchoro, na kwa nini tunatoza tunachotoza

Wiki iliyopita dada mmoja alitoka dukani kwetu amenuna. Alitaka picha ya duka la baba yake igeuzwe mchoro wa rangi za mafuta, ichapwe kwenye kanvasi, apewe mzee kama zawadi. Nikamwambia shilingi 80,000 na siku mbili. Akanionyesha simu yake: "Kaka, hii programu imenifanyia bure, sekunde kumi tu. Wewe siku mbili za nini?" Nikamwomba akuze picha kwa vidole pale juu ya mlango. Kibao cha mzee kilichoandikwa DUKA LA DAWA MUHIMU kilikuwa kimegeuka DUKA IA DANVA MUHHMU, na ile M ya mwisho ilikuwa na miguu minne. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hayo ni marekebisho madogo, nimfanyie kwa elfu kumi. Nilipokataa akaona namwibia.

Malalamiko ya aina hii nayasikia karibu kila wiki, kwa hiyo nayaeleza hapa mara moja kwa kirefu.

Programu nyingi za akili bandia zinazogeuza picha kuwa mchoro hazisomi maandishi. Stable Diffusion, ambayo ndiyo tunaitumia, kwanza huibana picha: kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 hugeuzwa kuwa chembe moja ndogo, mchoro unafanyika kwenye chembe hizo, halafu picha hufumuliwa tena. Ukuta, mti au uso mkubwa hauathiriki sana na kubanwa huko. Herufi huathirika, maana tofauti ya L na I ni kimstari kimoja kifupi, na kimstari hicho kikiingia ndani ya chembe moja pamoja na rangi ya ubao, hakuna tena wa kukitambua. Mashine inabaki kukisia, na inakisia kwa umbo tu, ndiyo maana neno linafanana na neno kwa mbali ila ukilisogelea si neno.

Tupige hesabu ya picha ya yule dada. Simu yake ilipiga picha yenye upana wa pikseli 4000, na kibao kilichukua pikseli 900 hivi. Ukihesabu herufi pamoja na nafasi, DUKA LA DAWA MUHIMU ni 19, kwa hiyo kila herufi ina upana wa pikseli 47. Inatosha kabisa. Lakini ili mashine ifanye kazi, picha nzima hupunguzwa hadi upana wa 1024 au chini ya hapo. Hapo herufi iliyokuwa na pikseli 47 inabaki na 12, yaani chembe moja na nusu. Namba ya simu iliyokuwa chini ya kibao, tarakimu zake zilikuwa na pikseli 20 na sasa zina 5. Hazifikii hata chembe moja! Hata ukiiambia mashine isibadilishe chochote, ile kubana na kufumua tu inatosha kuziharibu.

Ndiyo maana sisi hatuipi mashine picha nzima tukamaliza. Picha nzima tunaipitisha mara ya kwanza bila kujali vibao, tukiweka `Denoising strength`, yaani nguvu ya mashine kuibadilisha picha, kwenye 0.45 hivi ili kuta, bati na watu wapate mtindo wa mchoro. Kisha tunarudi kwenye picha halisi, tunakikata kibao peke yake, tunakinyoosha kama kilipigwa kwa upande, na kukipitisha kikiwa kimejaza fremu yote ya 1024. Sasa kila herufi ina chembe sita hivi za kujishikilia. Hapo tunashusha nguvu hadi 0.25 au 0.3. Ukiipandisha hadi 0.6 mashine inaanza tena kubuni, hata kama herufi ni kubwa. Wenye AUTOMATIC1111, programu ya kuendeshea Stable Diffusion, nyumbani wanaweza kupata kitu kama hicho kwa `Inpaint`, wakichagua `Only masked`, kwa sababu pale eneo lililozungushiwa hukuzwa lenyewe kabla ya kuchorwa, halafu hurudishwa mahali pake.

Maandishi madogo, kama ile namba ya simu, hatuipi mashine kabisa. Kanuni yangu ni kwamba herufi ambayo haifiki upana wa pikseli 24 baada ya kukata na kukuza, naishika kwa mkono. Naiacha mashine ichore ubao mtupu, kisha nachukua wino wa herufi kutoka picha halisi, nautenga na ubao, na kuuweka juu katika programu ya kuhariri picha ya GIMP kwa `Multiply` ikiwa herufi ni nyeusi juu ya ubao mweupe, au `Screen` ikiwa ni nyeupe juu ya ubao mweusi. Halafu kingo zake nazipitishia brashi ile ile ya mtindo, vinginevyo zinaonekana kama stika iliyobandikwa juu ya mchoro.

Wateja huniuliza kwa nini nisiandike upya kwa fonti ya kompyuta, si rahisi zaidi? Kwa bango la kampuni lililochapwa, sawa, nafanya hivyo. Lakini vibao vingi vya mitaani vimechorwa kwa mkono na fundi, na ile D yake yenye tumbo kubwa au kivuli chekundu chini ya herufi ndicho mwenye duka anachokitambua. Niliwahi kumfanyia mzee mmoja picha ya daladala yake ya zamani ya Mbagala–Kariakoo, nikaweka fonti safi ubavuni. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Gari ni langu, ila huyu aliyeandika simjui." Niliifanya upya kwa gharama yangu, siku nzima, nikifuata kila mkono wa fundi.

Njia ya mkato inayowagharimu zaidi ni hii: mtu anageuza picha kwa programu ya bure, anaona maandishi yamevurugika, anaikuza kwa programu nyingine ya kuongeza ubora, ndipo anatuletea. Kukuza hakurudishi herufi. Kunanoa lile kosa, kwa hiyo M yenye miguu minne sasa ina miguu minne iliyo mikali, na mimi inabidi nifute kwanza, nichore ubao upya, ndipo niandike. Mbaya zaidi, mara nyingi picha halisi imeshafutwa, na pembe ya kibao kwenye mchoro imehama, kwa hiyo sina pa kufuatisha. Kazi hiyo tunatoza 110,000 na hatupunguzi.

Picha ya WhatsApp ya kawaida nayo imeshapunguzwa kabla haijatufikia. Itume kama dokumenti, au njoo na simu yenyewe.

Kabla ya kuchapa, kibao tunakisoma kinyumenyume, herufi moja moja, U-M-I-H-U-M, kwa sababu jicho linalolijua neno hulisahihisha lenyewe bila kukuambia. Kisha kijana wa dukani ambaye hajaiona kazi hiyo anasoma kwa sauti, nami nalinganisha na picha halisi. Yule dada alirudi Jumamosi na simu, bahati nzuri picha ya kwanza ilikuwa bado ipo. Kanvasi yake inakauka sasa, na namba ya simu ya mzee inasomeka hadi tarakimu ya mwisho.