Video ya chapa imeshatazamwa: namna ya kuwarudia waliotazama bila kuchoma bajeti

Swali tunaloulizwa mara nyingi na wenye biashara ndogo huja wiki moja hivi baada ya video yao ya kujitambulisha kutoka. Video ilikuwa nzuri, ilitazamwa sana, watu waliandika maoni ya kupongeza, lakini mauzo hayakusogea. Je, fedha ile imepotea?

Haijapotea, ila imenunua kitu tofauti na mauzo. Imenunua orodha ya watu waliokaa wakakutazama. Orodha hiyo Facebook na Instagram zinakuwekea zenyewe, bila wewe kufunga pikseli, yaani kipande cha msimbo kinachotambua wageni, kwenye tovuti, na hata kama huna tovuti kabisa. Kuanzia Aprili 2021, pale simu za Apple zilipoanza kumuuliza mtu kama anaruhusu programu kumfuatilia anapotoka ndani yake, makundi yanayotokana na wageni wa tovuti yalipungua nguvu. Kundi la watazamaji wa video halikuguswa kwa namna ile, kwa kuwa kitendo chenyewe hutokea ndani ya programu hiyo hiyo inayoonyesha tangazo.

Kundi hili tunaliita la uvuguvugu. Si watu wa moto waliokwisha kuuliza bei, wala si wa baridi wasiokujua. Kosa linaloligharimu kundi hili kuliko yote ni kuchanganya aliyetazama na aliyepita tu.

Video kwenye mtiririko wa posti huanza kucheza yenyewe. Mtu akisimamisha kidole kujibu ujumbe, sekunde tatu zimepita na ameshahesabiwa. Ndiyo maana kipimo cha sekunde 3 hutoa kundi kubwa linalofurahisha macho ilhali ndani yake wengi hawakumbuki hata jina lako. Vipimo vingine unavyoweza kuchagua ni sekunde 10, kisha `ThruPlay`, yaani aliyetazama hadi mwisho au angalau sekunde 15, halafu asilimia 25, 50, 75 na 95 ya video.

Asilimia hizo hazina maana mpaka uzigeuze kuwa sekunde. Robo ya video ya sekunde 15 haifiki sekunde nne, kwa hiyo haina tofauti kubwa na aliyepita tu. Robo ya video ya dakika mbili ni nusu dakika nzima, na mtu aliyekupa nusu dakika ya macho yake amekusikiliza kweli. Kwa hiyo sisi hatuanzi na asilimia. Tunaitazama video na kujiuliza: ni sekunde gani ambapo mtazamaji anakuwa ameshajua hii ni biashara gani na inafanya nini? Tukishaipata, tunachagua kipimo cha kwanza kinachoivuka. Video ikiwa fupi sana, ya sekunde 15, tunakwenda moja kwa moja kwenye asilimia 75 au 95.

Tuchukue mfano wa karakana inayotengeneza viti vya ofisini. Namba nimezichagua ziwe rahisi kuhesabu, nazo si ahadi. Video ni ya sekunde 60. Sekunde ishirini za mwanzo zinaonyesha mtu anayenyoosha mgongo kila baada ya muda mfupi, kisha karakana inaonekana, na kwenye sekunde ya 25 fundi anaeleza kwa nini sehemu ya kiuno ya kiti chake inarekebishwa. Aliyeondoka kwenye sekunde ya 15 ameona tatizo tu, hajaona kiti. Aliyefika sekunde ya 30 amemsikia fundi. Kipimo chetu hapa ni asilimia 50.

Kulitengeneza kundi ni kazi ya dakika chache. Ndani ya Ads Manager, sehemu ya kusimamia matangazo ya Facebook na Instagram, fungua `Audiences`, kisha `Create audience`, `Custom audience`, halafu `Video`. Chagua kipimo cha asilimia 50, chagua video yenyewe, kisha weka idadi ya siku ambazo mtu atabaki kwenye kundi. Kikomo ni siku 365, na wengi huweka hiyo kwa kudhani wingi ni faida. Lakini mtu aliyekutazama miezi kumi iliyopita amerudi kwenye baridi. Kwa bidhaa ambayo mtu huifikiria kwa wiki chache, kama kiti, tunaanza na siku 30. Mtu akizimaliza bila kutazama tena huondoka mwenyewe, na mpya huingia video inapoendelea kuonyeshwa. Huna haja ya kungoja kuanza upya pia: waliotazama kabla hujatengeneza kundi nao huingizwa, ilimradi wamo ndani ya siku ulizoweka.

Sasa bajeti. Kuwarudia watazamaji husemwa ni nafuu, na hapa ndipo neno hilo “nafuu” linapowapoteza watu. Tuseme video ya viti ilitumia sehemu 100 za bajeti, ikaonyeshwa mara 80,000 kwa watu 60,000, na waliofika nusu ni watu 2,100. Kila maonyesho elfu moja yaligharimu sehemu 1.25. Ukienda kuwaonyesha tangazo la pili wale 2,100 peke yao, mara nyingi bei ya maonyesho elfu hupanda, kwa sababu umeufunga mfumo kwenye chumba kidogo na hauwezi tena kutafuta nafasi za bei ya chini. Tuchukulie imekuwa maradufu, sehemu 2.5. Unafuu hautoki hapo. Unatoka kwenye mambo mawili: kundi limepatikana kama zao la video uliyokwisha kuilipia, na ni dogo, kwa hiyo kulimaliza hakuhitaji fedha nyingi.

Hesabu yake ni hii. Si wote 2,100 watakaoingia mtandaoni na kupatikana ndani ya wiki mbili, tuseme 1,400. Tunataka kila mmoja aone tangazo la pili kama mara tano. Hayo ni maonyesho 7,000, nayo kwa sehemu 2.5 kwa elfu ni sehemu 17.5. Yaani tangazo la pili linahitaji kama sehemu moja ya sita ya fedha ya video, basi. Mwenye karakana akisema “hawa ndio wateja wenyewe, tuwawekee 100 nyingine”, atakuwa amenunua maonyesho 40,000 kwa watu 1,400, karibu mara 29 kwa kila mtu ndani ya wiki mbili. Mtu uliyemvutia kwa video nzuri utamfanya akufiche kwenye ukurasa wake. Jambo hili linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu mwenye biashara hufikia hatua hiyo kwa nia njema kabisa.

Kuna kasoro nyingine inayojificha, na ni rahisi kuitambua ukijua pa kutazama. Unapotengeneza tangazo la pili, mfumo hupenda kulichukua kundi lako kama pendekezo tu na kutoka nje yake kutafuta watu wengine, hasa ukiacha `Advantage+ audience` ikiwa imewashwa. Fungua ripoti utazame `Reach`. Kama kundi lina watu 2,100 na tangazo limewafikia 9,000, basi limevuja, na unachokipima si kundi la watazamaji tena. Rudi kwenye mipangilio ulifunge kundi libaki lenyewe.

Tahadhari pia na safu ya `Video plays at 50%` kwenye ripoti ya video. Hiyo huhesabu mara ambazo video ilifika nusu, wakiwemo walioruka mbele hadi hapo, si idadi ya watu. Usiitumie kukadiria ukubwa wa kundi, maana itakupa namba kubwa kuliko watu waliopo.

Kuhusu makundi ya waliojihusisha na ukurasa au akaunti yako kwa njia nyingine, sitakaa sana. Yapo na yanasaidia, ila chaguo la “wote waliojihusisha” hukusanya kila kitu pamoja, kuanzia aliyebonyeza alama ya kupenda hadi aliyelalamika kwenye maoni. Tunachukua mawili tu: waliohifadhi posti, ambao tunawaunganisha na watazamaji wa nusu, na waliotuma ujumbe. Hawa wa mwisho tunawatoa kwenye tangazo la pili pamoja na walionunua. Mtu aliyeuliza bei inboksi anastahili kujibiwa na binadamu. Akionyeshwa tangazo linalomwambia “tuulize bei” ilhali alishauliza, anaona hakusikilizwa.

Tangazo la pili lenyewe lisirudie video. Mtazamaji wa nusu ameshajua shida ya mgongo na ameshamwona fundi. Kinachomzuia kwa kawaida ni swali dogo ambalo video haikuligusa. Kwa viti, maswali yaliyokuwa yakijirudia kwenye maoni yangekuwa kama haya: kinabeba uzito gani, kinafaa meza ya urefu upi, kikivunjika nani anatengeneza. Picha moja ya kiti ikiwa na vipimo vyake na maelezo ya dhamana inatosha. Hatupendekezi kukimbilia punguzo la bei kwenye hatua hii, kwa kuwa utawazoesha watazamaji kungoja punguzo kabla hujajua kama bei ndiyo iliyokuwa kikwazo.

Utajuaje kama imefanya kazi? Lionyeshe tangazo hilo hilo la pili, siku zile zile, kwa kundi dogo la watu wa baridi, ukiwatoa watazamaji humo. Kisha linganisha gharama ya kupata mteja mmoja pande zote mbili. Hesabu mauzo yaliyotokana na kubofya peke yake. Ukihesabu na ya wale walioliona tangazo bila kubofya, kundi la uvuguvugu litajipatia sifa ya watu ambao wangenunua hata bila tangazo. Kwa namba ndogo tofauti ya mteja mmoja au wawili haithibitishi kitu, kwa hiyo tunasubiri wiki mbili zikamilike kabla ya kusema lolote.

Mara nyingine jibu ni kwamba kundi ni dogo mno. Mfumo hauwezi kulitumia likiwa na watu chini ya 100, na hata likiwa na watu 300 tangazo hujikongoja. Hapo tunaongeza siku kutoka 30 hadi 60, au tunaunganisha watazamaji wa video mbili tatu zinazoeleza bidhaa moja. Tukiona bado, tunashuka kwenye asilimia 25 iwapo sekunde zake zinaridhisha. Hatushuki kwenye sekunde 3. Ni afadhali video iendelee kuonyeshwa wiki mbili zaidi, kundi lijae taratibu.

Ukitaka tukufanyie kazi hii, tutumie video yenyewe na ruhusa ya kuiona ripoti yake. Tutakuambia kipimo kinachofaa, kundi lina watu wangapi na tangazo la pili linahitaji fedha kiasi gani kabla hujatenga chochote. Usisahau kututumia na maoni ya watu yaliyo chini ya video, maana tangazo la pili tunalitoa humo.