Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Sekondari: dodoso lenu linauliza nusu ya swali

Ndugu Afisa Elimu,

Salaam. YAH: DODOSO LA NDOTO ZA KAZI ZA WANAFUNZI

Nakuandikia kama mwalimu wa malezi na ushauri nasaha katika mojawapo ya shule zilizo chini yako. Dodoso la halmashauri kuhusu kazi ambazo wanafunzi wa sekondari wangependa kufanya limetufikia. Nia ni njema, na takwimu hizo tunazihitaji. Ila dodoso lina swali moja tu la msingi, "Ungependa kuwa nani?", na swali hilo pekee litakurudishia rundo la madaktari, wanasheria, marubani na wanajeshi. Utahitimisha kwamba vijana wetu wana ndoto kubwa, na hutajua kwa nini wengi hawazifikii.

Watafiti wa uchaguzi wa kazi hutenganisha mambo mawili. Kuna kazi ambayo mwanafunzi angeifanya kama hakuna kitu kingemzuia, na kuna kazi anayoamini ataishia kuifanya kwa hali ilivyo. Ya kwanza ni ndoto, ya pili ni matarajio. Mshauri hupata kazi yake katika pengo lililo kati ya hizo mbili, kwa hiyo swali la tatu linalofaa kuulizwa ni: nini kinakufanya udhani hutaifikia ile ya kwanza?

Nikupe mfano. Binti mmoja wa kidato cha nne, mtoto wa mkulima wa korosho, kwenye swali la kwanza aliandika daktari. Kwenye la pili, nililoliongeza mwenyewe, akaandika nesi wa zahanati. Sababu aliyoitoa: ada. Angeishia hapo, tungemwandika kuwa binti aliyeshusha ndoto kwa ajili ya umaskini, na tungemwambia habari njema ya kweli kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha hata wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, za afya zikiwemo.

Lakini nilipomkalisha chini na orodha ya masomo yake, nikakuta Fizikia haimo. Aliiacha alipoingia kidato cha tatu, kwa sababu katika kidato cha pili shule yake ya awali haikuwa na mwalimu wa somo hilo kwa muda mrefu, na yeye akaamini kuwa hana kichwa cha Fizikia. Sasa tazama: udaktari unapitia tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha tano na sita, na stashahada ya uuguzi nayo inadai ufaulu wa masomo hayohayo matatu katika kidato cha nne. Kwa hiyo si ndoto tu iliyokuwa imefungwa, hata yale matarajio aliyodhani ni ya chini na ya uhakika yalikuwa yamefungwa pia, na hakuna aliyemwambia. Mkopo usingemsaidia kitu.

Nilipomuuliza kwa nini uuguzi, hakutaja sindano wala gwanda. Alitaja kukaa na watu wenye shida na kuwasikiliza. Jibu hilo lilitupa pa kuanzia. Tuliongea njia mbili: kurudia Fizikia baadaye kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kutazama ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii, fani zinazofanya kazi ileile anayoipenda bila kudai Fizikia. Hizo hakuwahi hata kuzisikia. Katika kijiji chake mwenye ajira anayeonekana ni mwalimu, nesi, polisi na bwana shamba, na mtoto hawezi kutamani kazi ambayo hajui kama ipo.

Jambo hili halipo kwetu tu. Ripoti ya mwaka 2020 ya shirika la kimataifa la OECD, iliyotumia takwimu za PISA, upimaji wake wa wanafunzi wa miaka 15, katika nchi 41, ilionyesha kuwa asilimia 53 ya wasichana na asilimia 47 ya wavulana walitarajia mojawapo ya kazi 10 tu zinazopendwa zaidi. Nchi nyingi kati ya hizo ni tajiri kuliko yetu.

Kuna nadharia moja ningependa wataalamu wako waipitie kabla ya kuchambua majibu. Mwaka 1981 mwanasaikolojia Linda Gottfredson alieleza kwamba mtoto hachagui kazi kwa kuongeza, huchagua kwa kufuta. Kati ya miaka 6 na 8 anafuta zile anazoona si za jinsia yake. Kuanzia miaka 9 hadi 13 anafuta zile anazoona ni za hadhi ya chini mno kwa familia yake, na zile anazoona ziko juu mno kwa uwezo wake. Kuanzia 14 ndipo anajiuliza anapenda nini, na anajiuliza ndani ya kile kilichobaki tu. Alidai pia kwamba mambo yakibana, mtu huanza kutoa sadaka kile anachokipenda, kisha hadhi, na jinsia mwisho. Dai hili la mwisho tafiti za baadaye hazikulithibitisha kikamilifu, kwa hiyo nisingelijengea sera. Lakini lile la kufuta naliona darasani kila mwaka: msichana anayetengeneza redio nyumbani haandiki ufundi umeme, na wala hajui kwamba ameufuta.

Sasa upande wa ukusanyaji, ambako ndiko takwimu huharibikia. Dodoso limeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi asiyejiamini katika lugha hiyo huandika kazi ambayo tahajia yake anaijua. Lirudisheni kwa Kiswahili. Pia linadai jina na linakusanywa na walimu wa malezi, na katika shule nyingi mwalimu wa malezi ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu. Unategemea nani amwandikie mwenye fimbo kwamba anataka kuwa mwanamuziki? Tumieni namba badala ya majina, na akusanye mtu wa nje ya shule. Tena karatasi zisichanganywe kabla ya kupitiwa: ukizifungua kwa mpangilio wa kukaa ukakuta marubani watano wamefuatana, hiyo ni dawati moja lililonakiliana, si mwamko wa usafiri wa anga.

Wakati nao mmeukosea. Mmepanga kuwauliza kidato cha nne, ambao Selform, fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, wameshaijaza. Kwao, hata serikali inapofungua dirisha la kubadilisha machaguo baada ya matokeo, kinachobadilishika ni tahasusi na chuo. Somo lililoachwa kidato cha tatu halirudi kwa dirisha hilo. Tahasusi zilipoongezwa mwaka 2024 kutoka 16 hadi 65, uchaguzi ulipanuka kwa mwenye masomo ya kuchagulia. Waulizeni kidato cha pili, kabla ya upimaji wa kitaifa, wakiwa bado na Fizikia na Kemia mkononi. Na kila shule ijaze ukurasa wake: ina mwalimu wa Fizikia? Ina maabara inayotumika? Tangu lini? Bila ukurasa huo mtasoma "sipendi sayansi" mahali ambapo ukweli ni kwamba hakukuwa na wa kuifundisha.

Rasimu yangu ina maswali matatu na ukurasa mmoja wa shule. Nimeiacha masjala ya ofisi yako. Ikikupendeza, naomba ijaribiwe katika shule mbili, moja ya mjini na moja ya kijijini, muhula huu kabla kidato cha pili hawajaingia kwenye mitihani. Kazi ya kuchambua majibu ya majaribio nitaifanya mwenyewe, nje ya saa za vipindi.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa malezi na ushauri nasaha